Historia au uhandisi Ujerumani?

"Nikisoma historia Ujerumani, si nitanyimwa kibali kwa kuwa haimo kwenye orodha ya kazi zenye uhaba?"

Hapana. Orodha hiyo hushusha tu kima cha mshahara cha Kadi ya Bluu, yaani kibali cha kuishi na kufanya kazi hasa kwa wenye shahada: mwaka 2025 kilikuwa yuro 48,300 kwa mwaka, na kwa wahandisi au walimu yuro 43,759.80. Aliyehitimu ndani ya miaka 3 hupewa kima hicho cha chini hata kama alisoma historia. Kinachokwamisha ni ajira yenyewe. Ukihitimu hapo una miezi 18 ya kutafuta kazi inayolingana na ujuzi wako, na kazi za makumbusho ni chache, mara nyingi za nusu siku, kwa hiyo mshahara haufiki kima cha Kadi ya Bluu. Ukiipenda historia kweli, fikiria ualimu, ila Kijerumani chako kiwe cha juu sana.