Maswali na majibu: Herufi za Kiarabu kwenye simu na kompyuta

Kila nikitaka kuandika Kiarabu kwenye simu naingia Settings, nabadilisha lugha, kisha narudi tena. Hakuna njia fupi? (Tanga)

Ipo. Settings unaingia mara moja tu, kuongeza kibodi ya pili. Baada ya hapo, kwenye Gboard, kibodi ya Google, shikilia kitufe cha nafasi uchague lugha, au gusa alama ya dunia iliyo kando yake. Kwenye iPhone gusa hiyo hiyo dunia. Bakisha kibodi mbili tu, kwa sababu ukiwa na nne, kila mguso unakupeleka usikotaka.

Na kwa kuwa wengi mnapakua kibodi za Kiarabu zenye maua na rangi: kibodi inaona kila unachoandika, pamoja na nywila na namba ya siri ya pesa za simu. Kibodi ya Kiarabu iliyokuja na simu inatosha. Hayo maua hayafai hatari hiyo.

Kwenye kompyuta naandika mstari mzima bila kutazama, nikiinua macho nakuta ni Kiarabu kisichosomeka. Sijagusa kitu! (Mombasa)

Umegusa, dada yangu. Windows hubadilisha lugha kwa Alt na Shift ya kushoto, na vitufe hivyo viwili vimekaa jirani hata kidole kinavipata bila wewe kujua. Nenda Settings, Time & language, Typing, kisha Advanced keyboard settings. Humo fungua Input language hot keys uiondoe njia hiyo. Ubaki na kitufe cha Windows pamoja na nafasi. Huko hakuna bahati mbaya, na orodha ya lugha inatokea mbele yako ukaona unakwenda wapi.

Ukurasa huo huo una kisanduku kinachoruhusu kila dirisha likumbuke lugha yake. Kitie alama. Word ikiwa ya Kiarabu na barua pepe ya Kiswahili, unahama dirisha na lugha inahama nawe. Mimi sifanyi kazi bila hicho kisanduku.

Nywila ikikataliwa mara mbili, usiendelee kubahatisha hadi ufungiwe. Tazama kwanza alama ya lugha kwenye skrini.

Natumia Linux. Nifanyeje? (Dar es Salaam)

```
setxkbmap -layout us,ara -option grp:caps_toggle
```

Caps Lock inakuwa swichi yako. Amri hii inadumu hadi utakapotoka, kwa hiyo ukiipenda iweke miongoni mwa zinazoanza pamoja na kompyuta.

Ninunue stika za herufi nibandike kwenye vitufe? (Unguja)

Hapana. Stika zinakufundisha kutazama chini. Papasa F na J, kila kimoja kina kituta kidogo. Kwenye kibodi ya Kiarabu, cha kushoto ni ب na cha kulia ni ت. Safu ile ya katikati, kuanzia kidole kidogo cha kushoto, ni ش س ي ب, na upande wa kulia ni ت ن م ك. Kati yao, kwenye G na H, wamekaa ل na ا. Andika maneno ya safu hiyo peke yake kwa siku kadhaa, kama بيت na كتاب, kabla hujapanda juu.

Natayarisha orodha ya maneno kwa wanafunzi wa madrasa, Kiarabu na maana yake kwa Kiswahili cha herufi za Kiarabu, kurasa 40. Nikitafuta كتاب, Word inasema halipo na mimi naliona kwa macho yangu. Word imeharibika? (Lamu)

Word ni nzima, ustadh. Nadhani najua ulipopita. Ulihitaji پ ya "paka", چ ya "chai" na گ ya "gari", kibodi ya Kiarabu haikuwa nazo, ukaweka ya Kiajemi ukaandika kila kitu kwayo. Wanaopita njia hiyo ni wengi mno, na hasara inakuja baadaye.

Kibodi ya Kiajemi ina kaf yake, ک, na herufi "ya" yake, ی. Kaf ya Kiarabu ni ك, ya Kiajemi ni ک. Mwanzoni na katikati ya neno zinaandikwa kwa umbo moja, jicho halitofautishi. Kwa kompyuta ni herufi mbili mbalimbali, kama vile B na D. Ukiandika کتاب kwa moja na kutafuta كتاب kwa nyingine, haiwezi kulipata.

Hakikisha hivi: weka kishale mara tu baada ya herufi unayoishuku, bonyeza Alt na X. Word itaigeuza kuwa namba yake. Ukiona 0643 ni ya Kiarabu, ukiona 06A9 ni ya Kiajemi. Bonyeza tena Alt na X, herufi inarudi.

Kusafisha, fungua Ctrl na H. Kaf zote zibadilishe kwa mkupuo, ک iwe ك, hakuna madhara. Kwenye herufi "ya" usifanye hivyo. Kiajemi huandika ی bila nukta mwishoni mwa neno, na katika Kiarabu hapo panaweza kuwa ي au ى. Ukibadilisha zote kwa pamoja, على yaani "juu ya" inageuka علي, jina la mtu, na mwanafunzi anahifadhi kosa. Pita moja moja kwa Find Next. Kurasa 40 ni kazi ya jioni moja, ifanye kabla hujachapisha.

Sasa پ na wenzake. Kwenye simu shikilia ب uipate پ, ج uipate چ, ف uipate ڤ. Kwenye Windows kuna programu ya bure, Microsoft Keyboard Layout Creator. Ifungue, pakia Arabic (101) kutoka menyu ya File, tia alama kwenye kisanduku cha AltGr, yaani Alt ya kulia, kisha bofya kitufe cha ب uandike U+067E. Kwenye ج weka U+0686, kwenye ف weka U+06A4, kwenye ك weka U+06AF. Ijenge kutoka menyu ya Project, isakinishe. Tangu hapo AltGr na ب ni پ, na herufi zako nyingine zote zinabaki za Kiarabu halisi.

Nukta ya mwisho wa sentensi inaruka upande wa kulia. (Muscat)

Nukta haina upande wake, inafuata aya, na aya yako bado ni ya kushoto kwenda kulia. Bonyeza Ctrl na Shift ya kulia. Kurudi, Ctrl na Shift ya kushoto. Tafadhali usiivute nukta kwa mkono hadi ionekane sawa, maana mahali pengine itakapofunguliwa itakuwa imepotea upya. Kwenye WhatsApp, herufi ya kwanza ya ujumbe ndiyo huamua upande, basi anza kwa neno la Kiarabu.

Fataha na kasra zipo wapi? (wengi)

Nimeulizwa hili tena na tena, likateni mlibandike ukutani. Kwenye Arabic (101), pamoja na Shift: Q ni fataha, A kasra, E dhumma, X sukuni, na kitufe kilicho kushoto ya 1 ni shadda. Herufi kwanza, kisha shadda kama ipo, kisha irabu.