Asilimia 87 si ushahidi: shauri la mfanyakazi aliyetuhumiwa kutumia akili mnemba

Nimefanya kazi ya rasilimali watu katika ofisi kadhaa za Dar es Salaam, na shauri lililonifunza zaidi lilianza asubuhi moja, pale meneja alipochukua ripoti ya robo mwaka iliyoandikwa kwa Kiingereza na ofisa wa mradi, akaibandika kwenye tovuti ya bure inayodai kutambua maandishi ya akili mnemba, na akapata jibu la asilimia 87. Kabla ya saa sita mchana alikuwa ametuma picha ya jibu hilo kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi wote, akiandika kwamba ofisa huyo "anatudanganya", kisha akaniagiza niandae barua ya kumwachisha kazi. Nilimwomba siku chache.

Namba ile haikuthibitisha chochote. Kampuni ya OpenAI, inayotengeneza ChatGPT, yenyewe iliondoa kigunduzi chake cha maandishi ya akili mnemba Julai 2023 kwa sababu ya usahihi mdogo, na mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vigunduzi saba kwa insha 91 za TOEFL, mtihani wa kupima Kiingereza, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza, na kwa wastani zaidi ya nusu ya insha hizo zilihesabiwa kimakosa kuwa kazi ya mashine. Sisi tuliojifunza Kiingereza darasani huandika kwa msamiati wa kawaida na sentensi zinazotabirika, na hayo ndiyo vigunduzi hivi huyatafsiri kuwa dalili za mashine.

Ujumbe wa WhatsApp ulinitia hofu zaidi. Katika madai ya kashfa, kosa hukamilika pale maneno yanayomshushia mtu hadhi yanapomfikia mtu wa tatu, na anayejitetea kwamba alisema kweli ndiye anayepaswa kuuthibitisha ukweli huo. Tuhuma ikipelekwa kwa nia njema kwa mtu mwenye wajibu wa kuishughulikia, kama vile mkuu wa idara au kamati ya nidhamu, sheria humpa msemaji kinga yenye masharti, lakini dereva na mhudumu wa mapokezi waliokuwa kwenye kundi lile hawakuwa na wajibu wowote juu ya ripoti ile.

Kulikuwa pia na jambo ambalo meneja hakulifikiria kabisa: ripoti ilikuwa na majina na namba za simu za wanufaika wa mradi, na zote zilikwenda kwenye tovuti ya kigeni bila wao kujua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi, na pia inampa mhusika haki ya kudai kwamba uamuzi unaomwathiri kwa kiasi kikubwa usitokane na mashine peke yake.

Barua ya kuachisha kazi niliikataa kwa msingi wa Kanuni za Utendaji Bora, Tangazo la Serikali Na. 42 la mwaka 2007. Kanuni hizo zinauliza kwanza kama mahali pa kazi palikuwa na utaratibu ulio wazi na ambao mfanyakazi aliufahamu, na ofisi yetu haikuwa na mstari hata mmoja kuhusu akili mnemba. Zinataka uchunguzi, tuhuma za maandishi kwa lugha anayoielewa, muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida haupungui saa 48, na haki ya kusindikizwa na mfanyakazi mwenzake au mwakilishi wa chama. Angefukuzwa bila hayo, angekuwa na siku 30 za kufungua mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambako mwajiri ndiye anayethibitisha kwamba sababu na utaratibu vilikuwa halali. Mwanafunzi wa chuo cha umma anayeadhibiwa kwa tuhuma kama hiyo naye ana njia yake, kwani Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inalinda haki ya kusikilizwa, na anaweza kuomba Mahakama Kuu ipitie uamuzi huo, mradi aombe kibali ndani ya miezi sita.

Tulipomwita, ofisa alifungua faili lake mbele yetu na kutuonyesha historia ya matoleo: siku tisa za kuandika, kufuta na kuandika upya, pamoja na daftari lake la ziara za kijijini. Kila aya tuliyomuuliza aliieleza bila kusoma. Mimi huanzia hapo sasa, kwa historia ya faili na mazungumzo ya ana kwa ana, na kigunduzi sikifungui.

Meneja alitaka kumwomba radhi ofisini kwake, mlango ukiwa umefungwa. Nilisisitiza kwamba tuhuma ilisomwa na watu wote, hivyo radhi iandikwe kwenye kundi lilelile, kwa maneno yanayofuta yale ya mwanzo bila "kama nilimkosea". Aliiandika jioni ileile, na ofisa akaikubali kwa maandishi.