Nini hasa kinasogeza mabamba ya dunia, vile vipande vikubwa vya mwamba vinavyounda uso wake?

"Si ni ule mzunguko wa joto chini unaoyabeba?"

Kwa sehemu tu, ndugu yangu. Nguvu kubwa ni uzito wa bamba lenyewe. Sakafu ya bahari ya Pasifiki, ambayo ni bamba, ikifika visiwa vya Tonga imeshazeeka na kupoa, nzito kuliko mwamba moto ulio chini yake. Inazama na kuvuta bamba zima nyuma yake. Kuzama huko ndiko sehemu ya mzunguko unaousema. Bamba la Afrika limezungukwa zaidi na matuta ya baharini, yaani safu za milima chini ya bahari, nayo husukuma kwa unyonge: bamba hilo husogea sentimita 2 hivi kwa mwaka, la Pasifiki zaidi ya 7.

"Niko Naivasha. Bonde letu nalo linavutwa hivyo?"

Hapana, hapo hakuna bamba linalozama. Mwamba moto unapanda chini yenu, ila mchango wake bado unabishaniwa.