Chupa za glasi: kuosha na kujaza tena au kuyeyusha?

"Kama chupa zote zinaenda kuyeyushwa upya, kwa nini mnasema kutumia tena iko juu? Si zote hazifiki dampo?"

Mambo vipi mkuu. Njia za kushughulikia taka zimepangwa kwa ngazi: dampo ndo ya mwisho kabisa, juu yake kuna kuchoma kwa ajili ya umeme, halafu kuchakata, kutumia tena, na juu kabisa kutozalisha taka. Mpangilio huo unaangalia kazi na moto uliokwisha kutumika kwenye kitu vinapotea kiasi gani.

Sasa chukua hiyo chupa yako. Kuyeyusha maana yake unaivunja halafu unaipeleka kwenye tanuru la nyuzi kama 1500 ili upate… chupa ileile! Vigae vya chupa zilizovunjwa vinapunguza moto kidogo tu ukilinganisha na mchanga mpya. Kuosha ni maji moto yenye soda kostiki, nyuzi 80 hivi zinatosha, umbo linabaki. Na kinywaji ambacho hakihitaji chupa kabisa hakina tanuru wala kuosha, ndo maana kutozalisha taka iko juu.

Ila cha kucheki kwanza ni chupa ngapi zinarudi. Zikirudi 9 kati ya 10, kila chupa inajazwa wastani mara 10, zikirudi nusu ni mara 2 tu, na kwa vile chupa ya kurudishwa hutengenezwa nene zaidi, hapo faida inayeyuka, hasa kama lori linatembea mbali na chupa tupu. Chupa iliyozunguka sana utaijua kwa pete nyeupe ya mikwaruzo tumboni, hiyo bado inajazwa, lakini mdomo ukimeguka ipeleke tanuruni.