Drafti ya stendibai ya mwani: ianze kuisoma kwenye karatasi za kudai

"Wadau mimi niko Wete, tunauza mwani nje, mnunuzi katuletea drafti ya stendibai kupitia bank na bank wanataka jibu kabla ya Ijumaa. Kuna jina letu, kiasi, tarehe na mahala inapoishia, halafu orodha ya karatasi za kudai. Niangalie nini hasa maana mara ya kwanza hii?"

Ndugu yangu waalaykum salaam, mie nashughulika na makaratasi ya mwani hapa Unguja, na stendibai, yaani ahadi ya bank kukulipa mnunuzi akigoma kulipa, ya kwanza niliyoishika mwaka 2021 niliisoma kama watu wengi wanavyosoma, jina letu nikaona liko sawa, dola ziko sawa, tarehe iko mbele, nikapiga simu bank nikawaambia poa. Kumbe kule chini kwenye karatasi za kudai kulikuwa na mstari mmoja unasema tulete nakala ya ankara iliyosainiwa na mnunuzi kwamba mzigo kaupokea na kaukubali. Siku mnunuzi alipokataa kulipa ndio nikaelewa maana yake. Bank ya kule hawakutaka kujua mwani ulikuwa mkavu au mbichi, wao wanatazama karatasi tu, na karatasi moja inayotakiwa iko mikononi mwa yule yule asiyetaka kulipa, sasa atasaini vipi? Hatukupata hata senti kwa njia ile, tukaja kupatana nae miezi minane baadae kwa nusu ya pesa.

Ndio maana skuizi drafti naianza kuisoma kutoka kwenye karatasi za kudai, nakaa najifanya leo ndio siku mnunuzi hapokei simu, halafu kila karatasi iliyotajwa najiuliza hii naitoa wapi na nani anaisaini. Ikiwa yoyote inahitaji saini ya mnunuzi, au wakala wake, au mkaguzi anaemchagua yeye, au hukumu ya korti, naomba itolewe. Zinazonitosha ni barua yetu ya kudai yenye kiasi, taarifa tuliyosaini wenyewe kwamba ankara namba fulani imefika siku yake na haijalipwa, na nakala za ankara na hati ya shehena. Nakala nasema, sio hati halisi, kwa sababu hati halisi ya shehena siku hio ishafika kwa mnunuzi zamani na kontena kashalitoa bandarini. Angalia pia kama wanataka uambatanishe stendibai yenyewe halisi, hapo karatasi moja ikipotea ofisini umekwisha.

Na maneno ya ile taarifa yasome herufi kwa herufi. Kama stendibai iko chini ya ISP98, zile kanuni za kimataifa za stendibai, na wameweka maneno ndani ya alama za kunukuu, basi taarifa yako iyafuate maneno hayo hayo, na wakiandika kwamba maneno lazima yawe sawasawa kabisa basi hata kosa la herufi lililomo mule unalinakili kama lilivyo. Kwa hio kosa likiwemo kwenye drafti lisahihishe sasa hivi, usiseme watatuelewa.

Sasa nikupe ile ya 2023 maana hii tuliikamata mapema na ina karibu kila kitu unachouliza. Mnunuzi wa Ulaya, tunampakilia kontena mbili kila mwezi, kila kontena dola 18,000, analipa siku 60 baada ya tarehe ya hati ya shehena, mzigo wa mwisho unaondoka tarehe 30 Juni. Drafti ilikuja na mistari hii:

```
40C: ISPR
23B: FIXD
31E: 230831
32B: USD54000,
```

Huo wa kwanza unasema kanuni ni ISP98, wa pili kwamba inakufa kwa tarehe maalum, wa tatu ni tarehe yenyewe yaani 31 Agosti 2023, wa nne kiasi. Bosi alifurahi kwa sababu elfu hamsini na nne ni kontena tatu nzima. Nikamwambia tuhesabu kwanza. Siku 60 ni miezi miwili, kontena mbili kila mwezi, maana yake wakati wowote kuna kontena nne ziko njiani au zishafika na hazijalipwa, na mpaka ije ijulikane ankara ya kwanza imekwama ya tano ishapakiwa bandari ya Malindi hapa Unguja, huwezi kuirudisha. Tano mara 18,000 ni dola 90,000. Stendibai ya 54,000 ilikuwa inatuacha wazi kwa 36,000 hata kama kila kitu kingine kiko sawa.

Halafu kibaya zaidi kilikuwa hakipo kwenye huo mstari wa kiasi, kilijificha mbali kwenye mstari wa 77U wenye masharti. Pale waliandika kwamba kiasi kitapungua chenyewe kwa kila malipo ambayo mnunuzi atayafanya. Ukisoma haraka unaona ni haki, kalipa basi ipungue. Lakini biashara yetu ni ya mzunguko, analipa ankara ya Januari huku ya Machi inapanda meli, kwa hio akishalipa ankara tatu za mwanzo vizuri kabisa stendibai imebaki sifuri, na sisi kontena nne ziko nje bila kinga yoyote. Sharti la namna hio linafaa kwa mtu aliyeuza mzigo mmoja akalipwa kwa mafungu. Tuliomba liondolewe na kiasi kipungue tu kwa madai ambayo bank imeyalipa. Na hakikisha hawajakataza kudai sehemu, maana unaweza kuwa unadai ankara moja tu ya 18,000 na sio zote. ISP98 yenyewe inaruhusu, ila drafti ikikataza ndio imekataza.

Tarehe sasa. Mzigo wa mwisho 30 Juni, ongeza siku 60 unapata 29 Agosti, stendibai inakufa 31 Agosti, kwa macho inatosha. Lakini ile taarifa ya kudai kwenye drafti ilitutaka tuseme ankara imepita siku 10 bila kulipwa. 29 Agosti na siku 10 ni 8 Septemba! Yaani siku ya kwanza tunayoruhusiwa kusaini ile taarifa bila ya kusema uongo stendibai ishakufa wiki nzima nyuma. Mzigo wa mwisho ulikuwa hauna kinga hata kidogo, na sharti hilo na tarehe viko kurasa mbili tofauti, ukisoma kila kimoja peke yake huoni kitu.

Hapo ndio linakuja suala la mahala inapoishia, na hili naomba ulishike sana wewe wa Pemba kuliko hata sisi. Ule mstari wa 41 ulisema inalipwa kwenye bank iliyoitoa, na hakuna mahala pengine palipotajwa, na chini ya ISP98 pasipotajwa mahala basi karatasi zinatakiwa zifike pale pale ilipotolewa. Sio ziondoke Zanzibar kabla ya tarehe, zifike. Kaunta ya kule Ulaya, saa za kazi za kule, ukifika baada ya wao kufunga unahesabiwa umefika siku ya kazi inayofuata. Karatasi zako zinatoka Wete kuja Unguja, Unguja Dar, ndio ziruke, na ikiangukia Idi au hali ya bahari mbaya siku mbili zimekwenda.

Basi nikahesabu hivi. 8 Septemba ilikuwa Ijumaa, tunasaini na kutuma Jumatatu tarehe 11. Wiki moja ya njiani, tarehe 18 ziko kaunta. Bank ina siku zake za kuangalia, chini ya ISP98 ikikataa ndani ya siku 3 za kazi haihesabiki imechelewa na ikipita siku 7 za kazi ndio imechelewa, kwa hio nikachukua saba, inafika tarehe 27. Wakikuta kosa tunarekebisha na kutuma tena, wiki nyingine, tuko mwanzoni mwa Oktoba. Tukaomba 31 Oktoba, mnunuzi akalalamika ada ya bank inaongezeka, tukashikilia, akakubali.

Kuhusu mahala tuliomba njia mbili na yoyote kati ya hizo ingetutosha. Ya kwanza iwe inapatikana na kuishia kwenye bank yetu hapa Zanzibar, lakini hapo angalia mtego, watu wanaandika "inaishia Zanzibar" halafu mstari wa 41 unabaki bank iliyoitoa, hizo mbili zinagombana, lazima zibadilishwe pamoja. Ya pili iruhusu bank yetu ipeleke dai kwa swifti, yaani mtandao ambao bank zinatumiana ujumbe, badala ya karatasi, na hii inawezekana zaidi pale wanapotaka dai na taarifa tu bila nakala. Wao walikubali ya pili, tukaziacha nakala za ankara na shehena, tukazitaja namba zake ndani ya taarifa.

Jina halichukui muda ila usiliruke. Chukua cheti chako cha usajili wa kampuni cha BPRA uweke pembeni ya mstari wa 59, jina liwe lile lile mpaka neno la mwisho la kampuni, na anwani ya Zanzibar sio ya wakala wenu wa Dar. Mie nishaona drafti imeandika jina la duka analotumia bosi kwenye bango, na anaeweza kudai ni mnufaika aliyetajwa tu, haki ya kudai haihamishiki kwa mwengine kama stendibai haijasema inahamishika.

Mabadiliko yote yaandike kwenye barua moja kwenda kwa bank yako, mstari gani, unasemaje sasa, unataka usemeje, usitume leo jina kesho tarehe maana kule wanatengeneza drafti mpya kila mara na kosa jipya linaingia. Kama Ijumaa ni karibu waambie bank unajibu Jumatatu, hio Ijumaa ni yao tu.

Na drafti ukishaikubali bado ni karatasi tupu. Subiri ije MT760 yenyewe, yaani ule ujumbe rasmi wa swifti unaotoa stendibai, kupitia bank yako sio PDF ya mnunuzi kwenye wasap, uilaze pembeni ya drafti mliyokubaliana usome tena mstari kwa mstari. Ile ya 2023 ilipokuja rasmi tarehe ilikuwa sawa, kiasi sawa, ila sharti la kupungua lilikuwa limerudi. Kontena lilikaa siku sita pale Malindi mpaka marekebisho yakaja.