Mama anaharisha, au amefunga choo?

SWALI: Mama yetu ana miaka 78 na ugonjwa wa kusahau, hawezi tena kusema anapoumia. Tangu juzi anachafua nguo kwa kinyesi cha majimaji, kidogo kidogo, hata mara tano kwa siku. Hali chakula vizuri, usiku anahangaika na kuvutavuta nguo zake. Kabla ya hapo alikaa kama siku sita bila choo. Duka la dawa wametupa loperamidi, dawa ya kuzuia kuhara. Anatumia pia amitriptilini usiku, na jioni tunamnyima maji asikojoe kitandani. Tumpe hiyo dawa? – Binti yake, Jinja

JIBU: Dada, simamisheni loperamidi kwanza. Hizo siku sita ulizozitaja ndizo zinazonitia wasiwasi. Kinyesi kikikaa muda mrefu utumbo hukinyonya maji, kikawa kigumu kama udongo mkavu na kuziba njia. Kilichoko juu yake ni cha majimaji, nacho hupenya pembeni na kuvuja. Mkiona majimaji mnadhani ni kuhara, mnampa dawa ya kutuliza utumbo, na pale palipoziba panazidi kuziba.

Kuhara kwa kawaida hutoka kwingi kwa mpigo, na mara nyingi kuna homa au mtu mwingine nyumbani anaumwa vilevile. Kuvuja ni kidogo kidogo, hutia doa nguoni bila mgonjwa kushtuka, na huja baada ya siku kadhaa za kukosa choo. Hata hivyo macho ya nyumbani hayatoshi. Mpelekeni kituo cha afya leo au kesho, mhudumu apapase tumbo na apime njia ya haja kubwa kwa kidole chenye glavu. Akikuta njia tupu, bado kinyesi kinaweza kuwa kimekwama juu zaidi, kwa hiyo mwambieni kuhusu zile siku sita na mumwonyeshe dawa zote. Msimpige bomba la maji ya sabuni nyumbani wala kumchokonoa kwa kidole: utumbo wa mzee huchubuka upesi.

Akitapika, tumbo likivimba na kuwa gumu, asipotoa hata upepo, akitoa damu, akiwa na homa au akilala usingizi mzito usio wa kawaida, msingoje kesho. Nendeni hospitali.

Kwa kuwa hasemi, mwili wake ndio unaosema. Mkao wa kuegemea upande mmoja, kukunja uso anapoketi, kushika tumbo, kusukuma sahani, kuvua nguo au kutia vidole nyuma, vyote vinaweza kuwa dalili. Ukimkuta na kinyesi kucheni, usimkaripie. Huenda anajaribu kutoa kinachomuumiza. Kuchanganyikiwa kunakozidi ghafla ndani ya siku moja au mbili ni dalili pia, na mkojo kukwama au kuvuja hutokea kwa sababu kinyesi kilichojaa hubana kibofu.

Baada ya hapo, wekeni daftari karibu na kitanda. Andikeni tarehe, saa, kiasi, na umbo: vigololi vikavu, gogo gumu lenye nyufa, gogo laini, au majimaji. Zikipita siku tatu bila gogo laini, ulizeni kituoni mapema. Msiandike tu "amekwenda chooni", maana majimaji yaliyovuja yataandikwa kama choo kizuri.

Maji ndiyo yaliyowaponyoka. Mpeni vikombe sita hadi nane kwa siku, vingi kabla ya saa kumi jioni. Hapo kitanda kitasalimika bila kumkausha mchana. Usimuulize kama ana kiu, mtie kikombe mkononi, nusu kwa nusu. Kama ana ugonjwa wa moyo au figo, daktari ndiye apange kiasi. Papai, dodo, maharage na uji wa mtama ni vizuri, ila subirini kwanza kilichoziba kitolewe. Nyuzinyuzi nyingi bila maji huongeza mzigo palepale.

Utumbo huamka baada ya kula. Dakika ishirini hivi baada ya chai ya asubuhi, kila siku, mkalisheni dakika kumi, bila haraka. Kama choo ni cha shimo na magoti yake ni dhaifu, tafuteni kiti chenye tundu chenye ndoo chini. Wekeni kigoda kidogo miguuni ili magoti yapande juu kidogo ya nyonga, na ainame mbele akiegemeza viwiko mapajani. Mkao huo hunyoosha njia.

Amitriptilini hulegeza mwendo wa utumbo, na kwa mzee mwenye ugonjwa wa kusahau huzidisha pia kuchanganyikiwa. Msiikate wenyewe, muulizeni aliyeiandika kama inaweza kupunguzwa au kubadilishwa. Kodeini, dawa ya maumivu, na vidonge vya madini ya chuma hufunga choo vilevile. Mkiandikiwa laktulosi, dawa ya kulainisha choo, jueni huchukua siku moja hadi mbili kufanya kazi, kwa hiyo msiongeze dozi usiku wa kwanza kwa kuona haijafanya kitu.