Boksi la vitabu kwa mwanafunzi wangu anayekwenda chuo

Mwanangu,

Uliniuliza ubebe nini zaidi ya godoro na ndoo. Boksi lako liko kwa mlinzi, lina vitabu kumi.

Juu kabisa kuna Kichwamaji cha Kezilahabi. Anza nacho, ukiwa bado na vumbi la nyumbani miguuni. Kazimoto ni msomi wa chuo kikuu anayerudi kijijini na kukuta hana tena la kuzungumza na watu wake. Mimi nilikisoma nikiwa mwaka wa tatu, nimeshachelewa: likizo iliyotangulia nilikuwa nimemsahihisha baba lugha mbele ya wageni.

Chini yake kuna Rosa Mistika, wa mwandishi huyohuyo, kilichowahi kupigwa marufuku shuleni. Nimekifunga kwa rababendi pamoja na Utendi wa Mwana Kupona. Huo mama wa Pate aliutunga mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumuusia binti yake. Ushauri wake kuhusu mume utakukera, najua. Lakini usome usiku mmoja na habari za Zakaria, baba yake Rosa, aliyembana bintiye kwa kipigo, kisha uone nani kati ya wazazi hao wawili alizungumza na mtoto wake.

Kuna Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Fungua hapohapo Kamusi ya Kiswahili Sanifu, kitabu cha tano, utafute "bepari". Neno hilo lilitoka Uhindi likimaanisha mfanyabiashara tu. Mwalimu alilitumia miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, lilipokuwa limeshageuka kuwa tusi. Hakukosea neno. Ukiweza kueleza kwa ukurasa mmoja kwa nini hakuandika "wafanyabiashara", umeshaanza kusoma kama mtu wa chuo, na vitini vya steshenari havitakutosha tena.

Kusadikika na Kinjeketile unavijua kwa mtihani. Virudie bila maswali ya mtihani. Vuta n'kuvute cha Adam Shafi ni cha raha, usikichambue.

Cha tisa ni Sauti ya Dhiki. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu Kenya kwa sababu ya kijikaratasi chenye swali, "Kenya: Twendapi?" Alikuwa na miaka ishirini na kitu, kama kaka yako. Mashairi hayo aliyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni. Soma "Mamba" kwa sauti, mara mbili.

Cha kumi ni kauntabuku tupu. Kila ukimaliza kitabu andika mistari minne: tarehe, ulichobishana nacho, neno jipya, na nani umemwazima. Huo wa mwisho usiuruke. Bwenini vitabu vina miguu.

Bumu likitoka usininunulie zawadi. Kichwamaji ni nakala yangu, gundi imeachia kuanzia katikati. Irudishe Krismasi, kurasa zote zikiwemo.

Mwalimu wako